Kuficha Jina la Shahidi Bila Kuficha Tuhuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yameandikiwa maafisa wa rasilimali watu, wanakamati wa nidhamu na wafanyakazi wa Nairobi ambao wamejikuta upande mmoja au mwingine wa uchunguzi kazini. Yote yanazunguka mfano mmoja wa kubuni, kwa sababu suala hili halieleweki vyema likizungumzwa hewani. Katika ghala moja la Eneo la Viwanda, msimamizi wa zamu ya usiku anatuhumiwa kuwatoza vibarua shilingi 200 kabla ya kuwapangia zamu. Zamu hiyo ina vibarua 14. Watatu kati yao wamekubali kueleza yaliyowapata, lakini kwa sharti kwamba msimamizi asijue ni wao waliosema.

Je, sheria inamruhusu mwajiri kumficha mtuhumiwa majina ya mashahidi?

Sheria ya Ajira ya 2007 haisemi kwamba ni lazima majina yatolewe, wala haisemi kwamba yanaweza kufichwa. Kifungu cha 41 kinamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi, kwa lugha anayoielewa, sababu inayomfanya afikirie kumfuta kazi, amruhusu awe na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi anayemchagua mwenyewe, kisha asikilize na kuzingatia utetezi wake kabla ya kuamua. Mahakama ya Rufaa iliyapanga masharti hayo katika kesi ya Shirika la Posta ya 2019, na jina la shahidi si mojawapo.

Hata hivyo, hapo sipo mambo yanapoishia. Katika kesi ya 2014 iliyohusu Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, mahakama inayoshughulikia masuala ya ajira ilisema kwamba tuhuma ziwe wazi, mfanyakazi apewe muda wa kutosha kujitayarisha, na apate hati zilizo mikononi mwa mwajiri ambazo zingemsaidia kujitetea. Mwaka uliofuata ikaja Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015, inayotokana na kifungu cha 47 cha Katiba, ambayo kifungu chake cha 4 kinataja haki ya kupewa taarifa na ushahidi utakaotegemewa katika kufanya uamuzi, na pia nafasi ya kuwahoji wanaotoa ushahidi dhidi yako.

Kwa hiyo jina linaweza kufichwa pale ambapo kuna sababu halisi ya kufanya hivyo, lakini tuhuma yenyewe haiwezi kufichwa. Mtuhumiwa anapaswa kupata maelezo ya kutosha kuweza kusema, "Siku hiyo sikuwapo," au, "Hizo zilikuwa pesa nilizomkopesha." Ikiwa kulificha jina kunamnyima uwezo wa kutoa jibu kama hilo, basi mwajiri amevuka mpaka.

Sababu halisi ya kuficha jina ni ipi? Je, inatosha shahidi kusema kwamba anaogopa?

Haitoshi. Karibu kila shahidi huogopa, na wengi huogopa tu aibu ya kukutana na mtu kwenye foleni ya chakula. Mchunguzi anapaswa kuuliza: unaogopa nini hasa, na mtuhumiwa ana uwezo gani wa kukudhuru? Katika ghala letu jibu liko wazi, kwa kuwa msimamizi ndiye anayeandika jedwali la zamu, na kibarua asiyeandikwa leo hapati chochote. Sababu hiyo iandikwe kwenye maelezo ya mchunguzi, kwa sababu mwaka mmoja baadaye wakili atauliza kwa nini majina yalifichwa, na jibu la "ndivyo tunavyofanya" halitamridhisha jaji.

Mchunguzi amwahidi nini shahidi mwanzoni?

Asimwahidi siri kamili. Hili ndilo kosa ninaloliona likirudiwa kuliko mengine yote, na hufanywa na watu wenye nia njema. Maneno salama ni haya: "Jina lako halitaandikwa kwenye nakala atakayopewa mtuhumiwa, na watakaolijua ni mimi na mwenyekiti wa kamati. Lakini anaweza kukutambua kutokana na yale unayoeleza, na mahakama ikiamuru hati zitolewe, hatuna uwezo wa kuikatalia." Baadhi ya mashahidi wataondoka wakisikia hayo. Afadhali waondoke sasa kuliko wajihisi wamesalitiwa baada ya kutoa maelezo.

Kufuta jina kwenye maelezo kunatosha?

Ni mara chache. Tuangalie maelezo ya Shahidi wa Kwanza jinsi alivyoyasema:

"Tarehe 12 Machi, mwendo wa saa kumi na mbili unusu jioni, nilikuwa nimerudi kutoka mazishi ya babangu Siaya. Aliniita kwenye lango la kupakia mizigo akaniambia nikitaka zamu nimpe mia mbili. Nikampa pesa mkononi. Dereva wa forklifti alituona."

Futa jina, na msimamizi bado atamjua kabla hajafika mstari wa pili, kwa kuwa kibarua mmoja tu ndiye aliyefiwa na babake mwezi huo. Dereva wa forklifti naye ni mmoja tu kwa zamu, kwa hiyo mtu wa pili amefichuliwa bila hata kuulizwa. Nakala ya mtuhumiwa itabaki na tarehe, saa, mahali, kiasi na maneno aliyosema, kwa kuwa hayo ndiyo anayopaswa kuyajibu. Mazishi yataondolewa kwa kuwa hayathibitishi wala hayakanushi lolote. Dereva atatajwa kama "mtu mwingine aliyekuwa karibu", lakini mchunguzi ana wajibu wa kumtafuta na kumhoji.

Kila palipofutwa paonyeshwe kwamba pamefutwa. Maelezo yaliyoshonwa upya yakaonekana kamili humfanya mtuhumiwa aamini kwamba amesoma kila kitu, na akigundua baadaye kwamba sivyo, hata yale yaliyokuwa ya haki yataonekana kuwa hila.

Na ikiwa tarehe yenyewe ndiyo inayomfichua shahidi?

Tuseme siku hiyo msimamizi alimwandika kibarua mmoja tu dakika ya mwisho. Tarehe ikitajwa, jina limetajwa. Tarehe ikiondolewa na kuwekwa "mwezi wa Machi", mtuhumiwa hawezi kujitetea kwa jedwali wala kwa tikiti ya gari la moshi ya kwenda Mombasa.

Hapo mwajiri ana njia mbili tu: arudi kwa shahidi kuomba ridhaa ya kutaja tarehe, au asiyategemee maelezo hayo katika uamuzi. Njia ya tatu, ambayo ni kumpa mtuhumiwa maelezo yenye ukungu huku kamati ikisoma yaliyo kamili, ndiyo inayowapeleka waajiri wengi mahakamani. Kamati isihukumu kwa jambo ambalo mtuhumiwa hakupewa nafasi ya kulijibu.

Ni mambo gani madogo yanayofichua shahidi bila mtu kukusudia?

Mwandiko ni la kwanza. Vibarua wanaofanya kazi pamoja wanajuana hati, kwa hiyo maelezo ya mkono yachapwe, shahidi aisome nakala iliyochapwa na kuitia sahihi, na ya mkono iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa. Namna ya kuzungumza pia hufichua. Mtu mwenye msemo wake wa kipekee atajulikana kwa msemo huo, ingawa hapa sishauri kuyasafisha maneno kupita kiasi, hasa yale ambayo mtuhumiwa anadaiwa kuyatamka.

La pili ni kompyuta. Kuweka kivuli cheusi juu ya jina kwenye programu ya kuandikia hakulifuti jina. Mara nyingi mtu akinakili sehemu hiyo na kuibandika kwingine, herufi zote hutokea. Njia isiyo na madoido ni kuchapisha karatasi, kufuta kwa kalamu nzito, kutoa nakala ya karatasi hiyo kwa mashine, na ndipo nakala hiyo ichanganuliwe kuwa faili. Jina la faili nalo liangaliwe, kwani nimewahi kuona maelezo yaliyofutwa kwa uangalifu mkubwa yakitumwa katika faili iliyobeba jina la shahidi.

La tatu ni chumba. Ofisi nyingi za Nairobi siku hizi zina kuta za vioo, na watatu wanaoitwa mmoja mmoja ndani ya asubuhi moja wamekwisha kutangazwa. Katika mfano wetu mchunguzi anapaswa kuwahoji wote 14, kila mmoja kwa muda unaokaribiana, kwa maswali yaleyale. Huo ndio ulinzi mkubwa kuliko wino wowote, na una faida nyingine tutakayoiona hivi punde. Namba za mashahidi zisifuate utaratibu wa kuitwa kwao.

Kuna shahidi ambaye hawezi kufichwa kabisa?

Ndiyo. Shahidi wa Tatu alilipa kwa M-Pesa, shilingi 200 mara tatu. Ujumbe wa M-Pesa uliomfikia msimamizi ulikuja na jina la mtumaji, na uko kwenye simu yake. Kumwita "Shahidi wa Tatu" na kufuta jina kwenye taarifa ya malipo ni kujidanganya. Huyu aambiwe mapema kwamba ushahidi wake ndio wenye nguvu kuliko wa wenzake na ndio usiofichika, kisha aamue mwenyewe. Akikubali, ulinzi wake hauwezi tena kuwa wa siri. Utakuwa wa kumwondolea msimamizi mamlaka juu ya jedwali la zamu tangu siku barua ya kujieleza inapotolewa.

Vivyo hivyo kwa mlalamishi wa unyanyasaji wa kingono, ambaye tuhuma zake haziwezi kuelezwa bila yeye kutambulika. Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera inayosema kwamba jina la mlalamishi halitatolewa isipokuwa inapohitajika kwa uchunguzi au hatua za nidhamu. Mtuhumiwa yumo ndani ya isipokuwa hiyo. Wafanyakazi wenza wa ghorofa ya tatu hawamo.

Mtuhumiwa ana haki ya kuona nini, na lini?

Ana haki ya kuona kila kitakachotegemewa dhidi yake: maelezo ya mashahidi yaliyohaririwa, jedwali la zamu, taarifa za malipo, picha za kamera za usalama kama zipo, na ripoti ya mchunguzi ikiwa kamati itaisoma. Avipate pamoja na barua ya kujieleza au mapema vya kutosha kabla ya kikao. Kifungu cha 41 hakitaji idadi ya siku, lakini kumkabidhi mtu kurasa 40 Ijumaa jioni ili ajibu Jumatatu asubuhi si kumpa nafasi ya kujitetea.

Ana haki pia ya kupata kile kinachomsaidia, na hapa ndipo waajiri wengi huteleza. Tuseme kati ya vibarua 14 waliohojiwa, watatu walisema walitozwa, wanane wakasema hawajawahi kutozwa, na watatu wakakataa kuzungumza. Wale wanane ni sehemu ya utetezi wake. Kamati ikipokea maelezo ya watatu peke yake na mtuhumiwa asijue kwamba wanane walimkanushia tuhuma, uchunguzi umegeuka kuwa mashtaka ya upande mmoja. Hao wanane wanaweza kufichwa majina kama wengine, lakini walichosema lazima kionekane.

Kwa kawaida hana haki ya kuona ushauri ambao mwajiri alipewa na wakili wake, faili za kazi za watu wengine, wala rasimu ambazo hakuna atakayezitegemea.

Anaweza kutumia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kudai maelezo kamili?

Anaweza kuomba. Kifungu cha 26 kinampa haki ya kufikia data zinazomhusu, na maelezo yanayosema aliomba pesa ni data zake. Lakini maelezo hayohayo yana data za shahidi, ambaye sheria hiyohiyo inamlinda. Jibu la mwajiri huwa ni kutoa kile kinachomhusu mwombaji na kuondoa kinachomtambulisha mtu mwingine, akieleza kwa maandishi kwa nini amekiondoa. Kukaa kimya hakukubaliki.

Je, ana haki ya kumhoji shahidi ana kwa ana?

Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inataja nafasi hiyo, na kwa hiyo mwajiri anayeikataa aseme kwa nini. Kwa upande mwingine, Mahakama ya Rufaa ilisema katika kesi ya Mamlaka ya Ushuru ya 2010 kwamba usikilizaji wa haki si lazima uwe wa mdomo, na kwamba wanaoamua wana uhuru wa kupanga utaratibu wao mradi uwe wa haki. Kikao cha nidhamu si kesi ya mahakamani.

Utaratibu unaofaa zaidi unapatikana katika uamuzi wa Uingereza wa 1989 katika kesi ya Linfood. Hauwafungi majaji wetu, lakini una akili ya kikazi. Kwa ufupi, mahakama ile ya rufaa za ajira ilishauri maelezo ya mtoa habari yaandikwe yakiwa na tarehe, saa, mahali na jinsi alivyoweza kuona. Ichunguzwe kama ana kisasi. Ushahidi mwingine wa kuyaunga mkono utafutwe. Wanaoamua wazungumze naye wenyewe. Na mtuhumiwa akizusha hoja mpya, kikao kiahirishwe ili hoja hiyo ipelekwe kwa shahidi.

Turudi ghalani. Msimamizi anasoma maelezo ya Shahidi wa Kwanza na kusema, "Tarehe 12 Machi nilikuwa mapumzikoni." Jedwali linaonyesha ni kweli. Mwenyekiti asiseme hapohapo kwamba shahidi ni mwongo, wala asipuuze. Anaahirisha kikao, anaenda kwa shahidi na kumuuliza bila kumdokezea jibu: unakumbukaje siku hiyo? Shahidi anasema alirudi mjini usiku wa tarehe 12 na kwenda kazini kesho yake. Mashine ya alama za vidole inaonyesha aliingia tarehe 13, na msimamizi naye aliingia siku hiyo. Sahihisho hilo linaandikwa, mtuhumiwa anapewa, na anapewa muda wa kulijibu upya. Angekuwa amenyimwa tarehe, kosa hilo lisingeonekana kamwe, na huenda lingemwangukia mtu asiye na hatia katika kesi nyingine.

Kuhusu kisasi, msimamizi anaweza kuuliza: "Je, kuna shahidi ambaye nilimripoti kwa wizi mwezi Januari?" Mwenyekiti hawezi kujibu ndiyo au la bila kufichua. Anachoweza kusema, ikiwa ni kweli, ni kwamba aliangalia historia ya kila shahidi na mtuhumiwa kabla ya kikao na kwamba atalizingatia hilo. Ikiwa hakuangalia, kikao kiahirishwe akaangalie. Na ikiwa shahidi huyo kweli aliripotiwa, uzito wa maelezo yake upunguzwe, au yasitegemewe bila ushahidi mwingine.

Itakuwaje mtuhumiwa akimchagua shahidi aliyefichwa aandamane naye kwenye kikao?

Hutokea, kwa sababu watu huwachagua wanaowaamini. Kamati haiwezi kumkataa mtu huyo bila kuwasha taa juu yake, kwa kuwa kifungu cha 41 kinampa mtuhumiwa chaguo. Dawa yake ni ya mapema: mchunguzi amwambie kila anayehojiwa, shahidi na asiye shahidi, kwamba akiombwa kuandamana na mtuhumiwa ana uhuru wa kukataa na halazimiki kutoa sababu. Akikataa, atakuwa mmoja wa wengi wanaoweza kukataa. Akikubali kwa woga, mwenyekiti azungumze naye kando kabla ya kikao, na asiruhusu mtu mmoja awe shahidi na msindikizaji kwa wakati mmoja.

Mtuhumiwa akianza kuwasaka mashahidi?

Apewe onyo la maandishi tangu barua ya kwanza, lakini onyo hilo lisimkataze kuzungumza na kila mtu, kwa kuwa naye ana haki ya kutafuta mashahidi wake. Aelekezwe kuwaomba kupitia ofisi ya rasilimali watu. Akitisha mtu, hilo ni kosa jipya lenye barua yake.

Katika mfano wetu kuna zaidi ya hapo. Kudai pesa ili kutoa zamu kunaweza kuwa hongo chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, ambayo inahusu pia sekta ya kibinafsi. Kifungu cha 14 kinamtaka mwenye mamlaka katika kampuni aripoti tuhuma hizo kwa Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi ndani ya saa 24. Kifungu cha 21 kinamfanya anayemshusha cheo, kumfuta, kumhamisha mahali pabaya au kumtisha shahidi kuwa mkosaji, na adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 1, kifungo kisichozidi mwaka 1, au vyote viwili. Mwajiri anayenyamaza huku msimamizi akiwaondoa kwenye jedwali wale anaowashuku anajiweka pabaya yeye mwenyewe.

Kesi ikifika mahakamani, majina yatabaki siri?

Hakuna anayeweza kuhakikisha hilo. Chini ya kifungu cha 43 cha Sheria ya Ajira, mwajiri ndiye anayethibitisha sababu za kumfuta mtu kazi, yaani mambo aliyoamini kwa dhati kuwa kweli wakati huo. Akishindwa, fidia inaweza kufikia mshahara wa miezi 12. Mwajiri aliyeegemea maelezo yasiyo na majina peke yake atalazimika kuchagua kati ya kumleta shahidi kizimbani na kuacha tundu kwenye utetezi wake. Ndiyo sababu jedwali la zamu, alama za vidole na taarifa za M-Pesa vinafaa kubeba mzigo, na maelezo ya mashahidi yaeleze tu maana yake.

Orodha inayolinganisha namba za mashahidi na majina yao iwekwe wapi?

Iwe nakala moja ya karatasi, kwenye bahasha iliyofungwa na kutiwa sahihi juu ya kifuniko, mikononi mwa mtu asiye na uhusiano wa kikazi na mtuhumiwa. Isiwe kwenye barua pepe wala kwenye folda ambayo idara nzima inaifungua. Madai ya ajira kwa jumla yana ukomo wa miaka 3, kwa hiyo isichanwe kabla ya hapo, na ikiwa kesi imefunguliwa, isiguswe mpaka rufaa ya mwisho iishe. Kila inapofunguliwa, tarehe, jina la aliyeifungua na sababu yake viandikwe nyuma ya bahasha.